Ijumaa saa sita usiku ni lini?

"Tafadhali fanya zoezi tulilokuambatishia. Lisikuchukue zaidi ya saa tatu. Hifadhi kwa CSV, fomula zako zionekane, ututumie kufikia Ijumaa saa sita usiku. Kila la heri."

Huo ndio ujumbe wote aliotumiwa mpwa wangu Jumatano alasiri, hapa Amu, baada ya kuomba kazi. Shirika silitaji. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza takwimu za uvuvi, kazi anayoiweza, kwa maana amekulia kwenye hesabu za kilo na bei tangu utoto. Mchana yuko dukani, kwa hivyo alipanga kulikamilisha zoezi Ijumaa baada ya Isha. Akalimaliza, akatuma saa nne na nusu usiku. Jumamosi akapata jibu la mstari mmoja: muda ulikwisha tangu usiku wa Alhamisi.

"Mjomba, mimi nimechelewa wapi?" aliniuliza. Hakuchelewa popote. Aliyeandika ujumbe ndiye hakusema ni usiku upi.

Kwa saa ya kompyuta, siku mpya inaanza 00:00. Basi mtu akiweka "Ijumaa 00:00" kwenye kalenda yake, anataja dakika ileile Alhamisi inapokwisha, na Ijumaa nzima inabaki nje ya muda. Ndivyo walivyokuwa wamefanya hawa. Sasa mchukue mzee wetu wa Langoni. Kwake yeye usiku wa Ijumaa umeingia jua la Alhamisi lilipotua, ndio usiku tunaosoma Yasini, kwa hivyo angekubaliana na shirika japo kwa sababu nyingine kabisa. Halafu mchukue kijana aliyezoea ratiba za shule na za ofisi. Ukimwambia Ijumaa usiku, anajua ni baada ya Ijumaa yenyewe kuchwa. Watu watatu wamesoma maneno yaleyale, kila mmoja ana haki yake, na anayelipia ni yule asiyekuwa na mamlaka ya kufungua tena mlango.

Dawa yake haichukui hata dakika. Usiitumie kabisa saa sita usiku kuwa mwisho wa muda. Andika "Ijumaa tarehe 14, saa 5:59 usiku (23:59), saa za Afrika Mashariki". Tarehe inaondoa ubishi wa siku, 23:59 haiwezi kuwa ya siku mbili, na yale mabano yanamsaidia anayesoma saa kwa kawaida ya simu. Hayo maneno ya mwisho, saa za Afrika Mashariki, wengi huyaacha kwa kuwa Lamu na Nairobi saa ni moja. Lakini ofisi ikiwa London, saa 11 jioni ya huko ni saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao, na ni saa moja usiku wakati wa kiangazi chao, maana wao husogeza saa kila mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Mwombaji wa Shela hana sababu ya kuyafuatilia hayo.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo la siku. "Lisikuchukue zaidi ya saa tatu" na "tuma kufikia Ijumaa" ni mambo mawili tofauti: moja ni muda wa kazi, la pili ni muda wa kuleta. Ujumbe ukiyataja bila kuyaunganisha, mwombaji hajui saa tatu zinaanza kuhesabiwa lini. Ni pale barua ilipotumwa? Pale alipoifungua? Au pale alipokaa na kuanza? Nimeona ujumbe mwingine wa "una saa 24 kuanzia sasa" uliotumwa jioni, na kijana aliyetumiwa yuko kwenye boti ya Mokowe, simu iko mfukoni na kompyuta ni ya kuazima kwa jirani. Kufika, kuazima na kuanza, robo ya muda imeliwa. Mwenzake aliyeko mezani mwake, stima haipotei, kapata saa 24 kamili. Halafu kazi zao zinapimwa kwa mizani moja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuweka kikomo cha saa tatu kuna wema ndani yake. Bila kikomo, asiye na kazi atalikalia zoezi siku nne, na mama mwenye watoto atashindwa kwa sababu isiyohusiana na uwezo wake. Lakini kikomo kisichopimwa kinamwadhibu mkweli. Mpwa wangu alisimama zilipotimia saa tatu, jedwali moja likiwa halijapakwa rangi, kwa sababu aliambiwa asizidishe. Asiyejali maneno hayo ataleta kazi ya siku mbili na kuandika kwamba ni ya saa tatu. Kama unataka saa tatu kweli, mpe mtu achague siku na saa ya kuanza, umtumie faili saa hiyo, alirudishe baada ya saa tatu na robo, ile robo ikiwa ya mtandao. Kama huwezi, sema ni makadirio, na sema afanye nini zikiisha hajamaliza.

Tuje kwenye faili, maana hapa ujumbe ule ulikuwa unadai kisichowezekana. Zoezi lilikuwa na kurasa tatu za mavuno, moja ya Shela, moja ya Kizingitini, moja ya Kiunga, na ukurasa wa nne wa muhtasari ambao mwombaji aujaze. Ukitaka jumla ya kilo za pweza kwenye ukurasa mmoja, unaandika kitu kama hiki:

```
=SUMIFS(D2:D121,B2:B121,"pweza")
```

Hapo safu ya B ina aina ya samaki na safu ya D ina kilo. Ukihifadhi kwa XLSX, faili la kawaida la Excel, msahihishaji akibonyeza kisanduku anaiona fomula na anajua umefikiri vipi. Ukihifadhi kwa CSV kwa njia ya kawaida, kinachobaki ni hiki:

```
pweza,412.5
```

CSV ni maandishi matupu yenye mikato. Fomula inakwenda, linabaki jibu lake tu. Rangi na upana wa safu vinakwenda. Na katika kurasa nne, Excel inahifadhi ule mmoja uliokuwa wazi mbele yako. Kwa hivyo "CSV, fomula zionekane" ni amri mbili zinazopigana. Anayetii ya kwanza anavunja ya pili, na alama zinakatwa kwa lolote atakalochagua. Kulitambua hilo ni rahisi: funga faili, lifungue tena, hesabu kurasa, kisha bonyeza kisanduku cha jumla. Ukikuta namba peke yake, fomula haimo. Aliyeandika ujumbe angelifanya zoezi lake mwenyewe mara moja kabla ya kulituma, angeligundua kabla ya mtu yeyote kuumia.

Tarehe nazo. Ukurasa mmoja ulikuwa na 03/04/2024. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani inaisoma kuwa tarehe 4 Machi, iliyowekwa kwa mpangilio wa Kenya inaisoma kuwa 3 Aprili. Wavuvi wanajua tofauti yake: Machi bado kuna kaskazi, Aprili bahari inaanza kugeuka kwenda kusi, na samaki wanaopatikana si walewale. Jumla ya mwezi inaharibika na hakuna onyo linalotokea. Dalili iko pembeni: kwenye kompyuta ya mpangilio wa Marekani, tarehe kama 25/04/2024 haiwezi kugeuzwa kwa sababu hakuna mwezi wa 25, basi inabaki kuwa maandishi na kukaa upande wa kushoto wa kisanduku, wakati zilizogeuzwa zimekaa kulia. Ukiona tarehe zimejigawa kushoto na kulia, simama hapohapo. Mwandishi wa zoezi angeziandika 2024-04-03 na kueleza kuwa mwaka umetangulia, tatizo lisingezaliwa.

Kuhusu pa kutuma nitasema kidogo. Taja anwani moja, na useme ni kuambatisha faili au kutuma linki. Linki ya Google Drive ikiachwa na zuio lake la kawaida, mpokeaji anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa badala ya kazi, na mwombaji analala akidhani amefikisha. Mwenye kutuma linki aifungue kwanza kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambamo hajaingia na akaunti yake.

Mimi ningeuandika ujumbe hivi:

"Faili mavuno.xlsx lina kurasa tatu, moja kwa kila mahali pa kushushia samaki. Tupe jumla ya kilo za kila aina kwa kila mwezi, na nusu ukurasa wa maelezo ya unachokiona. Tarehe zimeandikwa mwaka, mwezi, siku. Tunakadiria kazi ya saa tatu, na unaweza kuzigawa. Zikiisha hujamaliza, andika umefika wapi na kilichobaki ungekifanyaje, na tutakupa alama kwa hilo. Chagua muda wako mpaka Jumapili tarehe 16, saa 5:59 usiku (23:59), saa za Afrika Mashariki. Tuletee XLSX moja yenye fomula na PDF moja ya maelezo, majina ya mafaili yaanze na jina lako. Ambatisha kwa kujibu barua pepe hii, usitume linki. Tutakujulisha tumepokea kufikia Jumatatu tarehe 17, saa 6:00 mchana (12:00). Swali ulilete kabla ya Ijumaa tarehe 14, saa 10:00 jioni (16:00), na jibu lake tutawatumia waombaji wote."

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, naam, na kila sentensi yake inazuia mtu kukosa kazi kwa jambo lisilo la kazi. Hilo la kuwajibu waombaji wote nalitilia mkazo. Anayethubutu kuuliza huwa ni yule aliyezoea ofisi, na akijibiwa peke yake anapata ramani ambayo wenzake hawana.

Vijana wetu nao, ukipokea ujumbe wa aina ile usiufungie ndani ukakisia. Jibu siku ileile, kwa maandishi: "Naelewa mwisho ni Ijumaa tarehe 14, 23:59, na kwa kuwa CSV haibebi fomula nitaleta XLSX. Kama sivyo, tafadhali nijulisheni." Barua hiyo inabaki na tarehe yake hata wasipojibu.

Mimi na mpwa wangu tumeliandikia shirika pamoja. Hatukuomba huruma. Tumeweka ujumbe wao kama ulivyo, tumeonyesha siku mbili zinazotoka ndani yake, na tumeomba wazipokee kazi zote zilizofika kabla ya Ijumaa kwisha, yake na za wengine wasiojua kwamba wana la kudai.