"Huyu hapa" ni nani kwa aliye Jeddah?

Mwaka jana nilimwandikia msemaji hotuba ya mchango wa kukarabati madarasa ya madrasa moja katika Mji wa Kale, Mombasa. Watu walijaa ukumbini, na jamaa wengine wakatufuata kwa YouTube kutoka Jeddah, Doha na Toronto. Niliona nimewatendea haki wa mbali, maana kila baada ya ukurasa nilikuwa nimeandika, "Na wenzetu wa mtandaoni, hamjambo?" Jioni shangazi yangu aliyeko Jeddah akapiga simu. "Mwanangu, msemaji wako asema 'huyu hapa, huyu hapa', mimi naona pazia tu."

Nikaurudia mswada. Sentensi aliyoisema ilikuwa hii: "Kama mnavyoona hapa, nyufa hizi zimeanzia pale juu zikashuka mpaka hapa, na mzee huyu hapa mbele ndiye aliyelijenga." Ukumbini ilieleweka vizuri, kwa sababu mikono ya msemaji ilifanya nusu ya kazi. Kamera ilikuwa imemkazia yeye. Picha za nyufa zilikuwa ukutani, nje ya fremu, na mzee alikuwa safu ya kwanza, ameipa kamera kisogo.

Tangu siku hiyo siandiki hotuba mbili, ya ukumbini na ya mtandaoni, wala sichomeki tena salamu za mtandaoni katikati. Salamu hizo humfanya msikilizaji wa mbali ajione kama mgeni aliyesimamishwa mlangoni, anaulizwa hali kila saa ila hakaribishwi ndani. Naamini mswada mmoja unatosha, mradi uyakague maneno yote yanayotegemea mahali na yote yanayotegemea wakati.

Ya mahali kwanza. Kiswahili kimetupa viashiria vya namna tatu: kilicho karibu ni hiki, kilicho mbali ni kile, na kilichokwisha kutajwa ni hicho. Viwili vya kwanza mara nyingi huhitaji macho. Cha tatu kinahitaji kumbukumbu tu, na kumbukumbu anayo aliye kitini na aliye na simu mkononi. Kwa hiyo mimi hupiga mstari chini ya kila "hapa", "pale", "huyu" na "ile" katika mswada, kisha nakitaja kitu kwa jina na kukirejelea kwa "-o".

Sentensi ya nyufa, kwa mchango wa pili, ikawa hivi: "Ukuta wa darasa la pili, ule wa upande wa bahari, una ufa. Ufa huo umeanzia kwenye kona ya dirisha, juu, ukashuka mpaka sakafuni, na katikati mkono wangu unaingia. Fundi aliyelijenga darasa hilo yuko nasi leo. Ameketi safu ya kwanza, amevaa kofia nyeupe ya viua." Aliye ukumbini hakupoteza kitu. Bali watu wengi waligeuka kumtazama fundi kwa makini zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa walikuwa wameambiwa watazame nini.

Kuna gharama. Kifungu kile kilikuwa na maneno yasiyofika 20, sasa yamezidi 40, na hotuba nzima ikirefuka hivyo watu watachoka. Ndiyo maana si kila kiashiria hupata maelezo. Kile ambacho hoja haikitegemei nakifuta kabisa. Na si kila jina la mahali huokoa: "upande wa Ngomeni" humtosha aliyezaliwa Mombasa hata akiwa Doha, lakini mwanawe aliyezaliwa huko hatajua ni upande upi.

Upande wa wakati ndio uliotuumiza zaidi. Katika mchango wa kwanza mfawidhi aliuliza, "Aliye na swali?" Akasubiri kidogo, akasema, "Hakuna, tuendelee." Wakati huo watu wa mtandaoni walikuwa hawajalisikia hata neno "swali". Matangazo ya moja kwa moja ya YouTube hufika yakiwa yamechelewa, na kiasi cha kuchelewa hutegemea namna yalivyopangwa: ukiupendelea utulivu wa picha, pengo hurefuka, ukilifupisha pengo, mtandao ukiyumba kidogo picha hukwama. Kwa Zoom pengo kwa kawaida ni dogo sana, halifiki hata sekunde nzima, na hapo mengi ya haya hayahitajiki.

Kulipima pengo ni rahisi. Kabla watu hawajaingia, mtu mmoja anapiga kofi mbele ya kamera, mwingine anaangalia simu inayoonyesha matangazo hayo na kuhesabu mpaka aone kofi hilo. Siku ya mchango wa pili tulipata sekunde 22. Nikaongeza kama 40 za mtu kuandika swali kwa simu, na 30 za msaidizi wetu kuyasoma maoni na kuchagua. Jumla dakika moja na nusu. Msemaji wetu husoma maneno kama 100 kwa dakika, kwa hiyo mwaliko wa maswali ulipaswa kutangulia kipindi cha maswali kwa maneno 150 hivi.

Basi nikauhamisha. Kabla ya kifungu cha gharama za paa niliandika: "Nikimaliza habari ya paa nitapokea maswali. Uliyeko mtandaoni, anza kuandika lako sasa." Hapa ndipo ninapowataja wa mtandaoni, kwa sababu wana jambo la kufanya. Kikafuata kifungu cha paa, kisha maswali mawili ya ukumbini, na msaidizi akawa tayari na matatu yaliyoandikwa. Swali la ukumbini msemaji hulirudia kwanza ndipo analijibu, kwani muulizaji aliye mbali na kipaza sauti hasikiki katika matangazo. Neno hilo, "rudia swali", nimeliandika kwa herufi kubwa pembeni mwa karatasi, maana msemaji akishashika moto husahau.

Maneno kama "asubuhi ya leo" nayo nimeyaacha. Saa 4 asubuhi yetu ni saa 4 Jeddah na Doha pia, lakini Toronto bado ni usiku wa manane. Nikitaja saa ya jambo litakalofanywa, kama kufungwa kwa michango, naandika "saa 10 jioni ya Mombasa".

Halafu kuna adhana. Shughuli yetu ilivuka adhuhuri, na katika Mji wa Kale misikiti haianzi kwa pamoja. Mmoja unamaliza, mwingine uko katikati. Ukumbi mzima hunyamaza na kila mtu anajua kwa nini. Mtandaoni, kipaza sauti kikizimwa, ni msemaji aliyeinamisha kichwa na kimya kirefu. Mara ya kwanza watazamaji wengi walitoka, na waliotuandikia baadaye walisema walidhani mtandao umekatika. Mara ya pili mswada ulikuwa na sentensi mbili zilizowekwa mapema: "Adhana ya adhuhuri itaanza hivi karibuni. Ikianza nitanyamaza mpaka imalizike, kisha nitaendelea na hesabu ya mbao." Ukumbini hazikumkera mtu.

Siku hizi, kabla sijamkabidhi msemaji karatasi, namsomea mdogo wangu mswada wote yeye akiwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Kila anapouliza "wapi?" au "nani?" natia alama. Mswada wa mchango wa pili ulipata alama 11 katika kurasa nne, na zote zilikuwa sehemu nilizoamini nimeshazisafisha.

Jioni ya mchango wa pili shangazi alipiga simu tena. Alitaka kujua kama yule fundi wa kofia ya viua amekubali kuusimamia ukuta mpya.