Oda iliyo njiani nayo ni mzigo

“Nimepanga kuuza milioni 60 mwezi huu, mhasibu ananiambia mwisho wangu wa kununua ni milioni 8. Huyu anataka nifunge duka.”

Lalamiko hili hutoka kwa wauzaji hodari, kwa hiyo linastahili hesabu. Tuchukue duka la nguo na viatu vya watoto Dar es Salaam, mwezi Machi 2026. Tarakimu ni za mfano, na zote ziko kwa bei ya kuuzia mpaka nitakaposema vingine.

Duka linatarajia kuuza milioni 60, kwa sababu Idi inaangukia karibu na tarehe 20 Machi. Linajua pia kwamba litapoteza kama milioni 4 kwa kushusha bei za nguo zilizogoma kutoka. Baada ya hapo biashara inapoa. Aprili wanategemea milioni 30, Mei milioni 40 kwa kuwa Idi ya kuchinja iko mwishoni mwa mwezi huo. Mwenye duka ana desturi ya kufunga mwezi akiwa na mzigo wa kumtosha miezi miwili inayofuata, hivyo tarehe 31 Machi anataka abaki na mzigo wa milioni 70. Jumlisha 60, 4 na 70 unapata 134. Hicho ndicho Machi inachohitaji.

Kisha toa vilivyopo. Tarehe 1 Machi, rafu na stoo vimebeba mzigo wa milioni 82. Zaidi ya hapo kuna oda za milioni 38 alizoziweka tangu Desemba, zinazotegemewa kufika ndani ya Machi. Zinabaki 14, na hicho ndicho kikomo chake cha kununua kwa Machi. Duka hili hununua kwa asilimia 60 ya bei ya kuuzia, kwa hiyo 14 hiyo ni milioni 8.4 ya kumpelekea muuzaji wa jumla. Mhasibu hakuitoa kichwani.

Mwenye duka naye ana hesabu yake, na si ya kijinga. Mzigo wa milioni 60 ulimgharimu milioni 36, kwa hiyo anasema: nilichouza nikirudishe, ninunue wa milioni 36. Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri kabisa kwenye duka la sukari, sabuni na unga, ambako mauzo ya wiki hii yanafanana na ya wiki ijayo na gari la msambazaji linapita kila baada ya siku chache. Inavunjika pale mauzo yanapokuwa na kilele, halafu bonde, na mzigo unasafiri kwa miezi. Duka la nguo lina vyote viwili.

Tumwache anunue wa milioni 36, yaani milioni 60 kwa bei ya kuuzia, tuone. Alianza na 82, zikaingia 38 za zamani na 60 mpya, akauza 60, bei zikashuka kwa 4. Anafunga Machi na mzigo wa milioni 116 badala ya 70. Amezidisha 46, ambazo kwa fedha aliyolipa ni milioni 27.6. Mauzo yamekuja kama alivyotabiri, hakuna aliyemwibia, na hata hivyo mtaji umekaa kwenye magauni.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu maumivu hayaonekani Machi. Machi droo imejaa na kila mtu anamsifu. Angalia Aprili. Atauza 30, atashusha bei kwa 2, na mwisho wa mwezi anataka mzigo wa 70 (Mei 40 na Juni 30). Jumla 102. Lakini ameanza na 116. Kikomo chake cha Aprili ni hasi 14: amekwisha kununua Aprili yote na kipande cha Mei kabla Aprili haijaanza. Angefuata kikomo, angeanza na 70 na kubaki na nafasi ya 32. Tofauti ya 46 ileile imehama tu kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, na imehamia mahali pabaya, kwa sababu Aprili na Mei ndiyo miezi ya kuingiza dukani viatu vyeusi na mabegi ya shule kwa muhula wa Julai. Fedha ya kiatu cha shule imelala kwenye gauni la Idi. Akimkosa mteja wa Julai atasema biashara ni ngumu, na hatakumbuka Machi.

Kinachompoteza zaidi ni ile 38. Mzigo wa stoo unauona na kuugusa. Oda iliyo njiani haina sura. Mara nyingi iko kwenye simu ya mtu mmoja, kama picha ya ankara na ujumbe wa “itafika wiki ya pili”. Kwa akili ya kawaida fedha yake imeshasahaulika, kwa hiyo mzigo wake nao unasahaulika, na mtu ananunua mara mbili kwa mteja yuleyule. Duka likiweza kufanya jambo moja tu katika mfumo huu, liwe kuandika kila oda pamoja na mwezi ambao mzigo utapokelewa dukani. Si mwezi wa kuagiza, wala wa kulipa. Oda ya Guangzhou iliyowekwa Machi haiko Machi. Inakula nafasi ya Mei au Juni. Ikichelewa ihamishwe siku hiyohiyo, la sivyo utanyimwa kununua mwezi huu kwa sababu ya kontena ambalo bado liko baharini.

Wanaopinga kikomo wana hoja, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba kikomo kinajilisha chenyewe. Ukipanga mauzo madogo unanunua kidogo, ukinunua kidogo rafu zinapwaya, mauzo yanakuwa madogo kweli, na mwakani unapanga kidogo zaidi ukiwa na ushahidi mkononi. Daftari la mauzo haliandiki mama aliyeulizia kiatu saizi 30, akakikosa, akavuka barabara. Hatari hii ni ya kweli, na hesabu yenyewe haiwezi kuigundua. Dalili yake ni kwamba duka linafikia lengo la mauzo kila mwezi huku saizi za katikati zikiisha mapema na zilizobaki zikiwa ndogo mno au kubwa mno. Wenye uzoefu huandika vilivyoulizwa vikakosekana, kisha huviongeza kwenye makisio ya mauzo ya mwezi unaofuata. Hapo kikomo kinapanda chenyewe, bila mtu kukivunja.

Inafanana na ile kero kwamba jumla moja ya duka zima ni kipofu. Milioni 82 zinaweza kuwa magauni ya milioni 60 na viatu vya milioni 22, na gauni lililododa likamnyima kiatu nafasi. Jibu ni kugawa kikomo: viatu peke yake, nguo peke yake. Lakini usigawe mpaka rangi na saizi, maana hapo utatumia usiku kujaza majedwali na makisio madogo hivyo hayashiki.

Ya pili ni kalenda, na hapa nakubaliana na wapinzani kuliko watetezi wengi wa mfumo wanavyopenda. Mwezi ni chombo butu. Mwaka 2024 Idi ya mfungo ilikuwa 10 Aprili, 2025 ikawa 31 Machi, na 2026 ni karibu na 20 Machi, mwandamo ukiamua. Inarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Anayenakili mauzo ya Machi 2025 kuwa makisio ya Machi 2026 anasahau kwamba kilele chote cha mwaka jana kiliangukia ndani ya Machi, na safari hii baadhi ya wanunuzi wameanza mwishoni mwa Februari. Baya zaidi, katika mfano wetu mzigo wa ile 14 unaweza kufika tarehe 24. Kwenye karatasi umo ndani ya kikomo, na mhasibu atatia saini. Dukani umefika baada ya sherehe. Kwa biashara ya Idi, Machi igawanywe mara mbili: kikomo cha kabla ya tarehe 20 na cha baada yake. Wanaojivunia nidhamu bila kufanya hivyo wanajivunia karatasi.

Hoja ya dola, kwamba ujaze stoo mapema kabla shilingi haijashuka, naipitia haraka. Ni kweli kwamba aliyejaza stoo kabla ya shilingi kushuka alipata faida. Ila dola hiyohiyo iliyopita shilingi 2,700 mwaka 2024 ilirudi karibu na 2,400 kabla mwaka huo haujaisha, na waliokimbilia kununua kwa hofu walibaki na mzigo wa bei ya juu. Kubashiri sarafu ni biashara nyingine. Anayeitaka aitengee fedha zake nje ya kikomo, ajue anacheza nini.

Jambo moja linachanganya pande zote: kikomo hiki hakipimi fedha taslimu. Kiwanda mara nyingi hutaka asilimia 30 mwanzo na salio kabla ya kupakia, kisha bandarini kuna ushuru na kodi. Unaweza kuwa na nafasi ya milioni 32 kwenye kikomo cha Aprili na akaunti iwe tupu kwa sababu umelipia mzigo wa Juni. Mtiririko wa fedha una daftari lake. Duka linalotumia moja badala ya jingine litakwama, na lawama itaangukia kikomo.

Turudi kwa yule mwenye hasi 14. Njia zake ni tatu, na mpangilio wake una maana. Aanze na oda ambazo hazijapakiwa: azisogeze mbele au azipunguze, maana hapo gharama ni maneno na pengine amana. Pili, ashushe bei ya magauni mapema, Aprili mwanzoni, na ashushe vitabuni pia. Mzigo wa milioni 46 ukipunguzwa bei kwa asilimia 30 unashuka hadi 32.2, na ile 13.8 inafungua nafasi papo hapo hata kabla gauni moja halijauzwa, kwa sababu thamani ya mzigo uliopo imekuwa ya kweli. Hasi 14 inakaribia sifuri. Inauma, kwa kuwa faida inakwenda, lakini gauni la bei ya 100 lililomgharimu 60 sasa linauzwa 70 na bado halijamtia hasara. Akisubiri Desemba atalishusha hadi chini ya 60, na viatu vya Julai atakuwa ameshavikosa.

Njia ya tatu ni kukataa kununua chochote mpaka namba irudi juu. Ndiyo inayochaguliwa zaidi, na ndiyo inayozaa lile lalamiko la kufunga duka, maana inazuia hata kiatu kinachotembea kwa kosa la gauni.