Mita 60 Hazijadiliwi: Namna ya Kufungua Mkutano wa Kijiji

Nimehudhuria mikutano mikuu ya vijiji kwa miaka mingi hapa mkoani Iringa, na nimefikia kuamini kwamba mwenyekiti anapofungua mkutano hana budi kutaja mambo mawili: lile ambalo wananchi wamekuja kuliamua, na lile ambalo hawana mamlaka ya kuliamua. Wengi hulitaja la kwanza tu, tena kwa juu juu.

Katika kijiji kimoja cha Mufindi, vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, vilikuwa vimesogea hadi kwenye chanzo cha maji ya bomba. Mwenyekiti alifungua kwa kusema, "Ndugu wananchi, leo tunazungumzia vinyungu, karibuni mchangie." Kwa saa mbili watu walibishana kama mita 60 ambazo kilimo kinatakiwa kukaa mbali na chanzo cha maji zipunguzwe ziwe 30, ilhali umbali huo umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na hakuna mkutano wa kijiji unaoweza kuubadilisha. Tulitawanyika bila uamuzi wowote, na wenye vinyungu waliondoka wakiamini kwamba wamedhulumiwa.

Mkutano uliofuata ulifunguliwa kwa namna nyingine. Mwenyekiti alieleza kwamba mita 60 ni za kisheria na hazitajadiliwa, kisha akasema tunaamua nani watasimamia upimaji na uwekaji wa alama, na tuombe halmashauri muda gani ili mazao yaliyomo yavunwe. Hapo kila mchangiaji alijua maneno yake yanakwenda wapi.

Kanuni zilikuwa chache: kunyoosha mkono, kuzungumza kupitia kwa mwenyekiti, dakika tatu kwa kila mtu, na hakuna anayerudia kabla ya wasiozungumza kupewa nafasi. Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba aliomba mkutano uzikubali kwa kunyoosha mikono kabla hoja yoyote haijatolewa, kwa sababu kanuni inayotajwa baada ya mtu kuanza kusema huonekana imetungwa ili kumnyamazisha yeye.

Ndipo mtendaji akasoma ajenda. Alipofika kwenye mengineyo hakuipita, bali aliuliza palepale nani ana jambo, akaliandika. Mzee mmoja alileta suala la ng'ombe wanaoingia kwenye mahindi. Mengineyo yasipoandikishwa mwanzoni, mambo ya namna hiyo hupenya katikati ya hoja, na dalili yake ni mtu kusimama na kusema, "Mwenyekiti, kabla hatujaendelea." Siku ile mzee alitulia, kwa kuwa alisikia jambo lake likisomwa.

Kanuni ya kutorudia ndiyo iliyomfikia mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye katika mkutano wa kwanza hakupata nafasi kabisa. Alisema maharage ya kwenye vinyungu vya upande wa chini yalikuwa yamebakiza wiki tatu kukomaa, na wiki tatu ndizo zilizoandikwa katika muhtasari.