Bora Jiwe la Sisifo Kuliko Kamba ya Okno

Jamani, huyu Sisifo wa hadithi za Wagiriki wa kale mnamhurumia bure. Mtu akichoshwa na kazi kidogo tu, utamsikia, "Mimi ndiye Sisifo, nasukuma jiwe mlimani." Mnajua alichofanya lakini?

Alikuwa mfalme wa Korintho, mjanja kupita kiasi. Zeu, mkuu wa miungu, alipomtorosha binti wa Asopo, mungu wa mto, Sisifo alimtobolea baba mtu siri, tena kwa malipo: apewe chemchemi ya maji juu ya ngome yake. Kifo kikatumwa kumchukua, akakifunga minyororo! Watu wakawa hawafi mpaka Are, mungu wa vita, akaja kukifungua. Hata hapo Sisifo alikuwa keshamwagiza mkewe asimfanyie maziko. Kufika kuzimu akaanza kulia: "Mke wangu kanidharau, niruhusuni nikamtie adabu." Wakamruhusu. Harudi ng'o! Akala maisha mpaka uzee.

Alipokufa, ndipo miungu wakampa jiwe la kusukuma mlimani. Mshairi Homeri anasimulia jinsi anavyolisukuma kwa mikono na miguu, jasho linamchuruzika, vumbi limemtanda kichwani. Likikaribia kuvuka kilele, uzito unaligeuza, linaporomoka hadi chini. Mie naona uzito si adhabu hapo. Wachukuzi wa sokoni wanabeba magunia kutwa, lakini gunia likishafika stoo, limefika, pesa mkononi. Sisifo alikataa maisha yake yaishe, basi naye kanyimwa jambo moja tu: kumaliza. Haki yake.

Mimi anayeniuma ni Okno. Huyu hamumjui, kwa sababu wanyonge hawavumi. Mchoraji Polignoto alimchora ukutani kule Delfi, Ugiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na msafiri Pausania akaja kuielezea picha hiyo. Mzee kakaa, anasokota kamba. Pembeni yake punda jike, naye anaitafuna kamba ileile kadiri inavyosokotwa. Basi. Hakuna siri iliyouzwa, hakuna Kifo kilichofungwa. Pausania anasema waliomweleza walidai Okno alikuwa mchapakazi, ila mkewe alikuwa mtumiaji. Kila alichochuma kiliteketea.

Sasa hayo si maisha yangu? Mshahara ukiingia asubuhi, jioni umeshakuwa kodi, ada, gesi, na kiatu cha mtoto ambaye mguu wake haujui mwezi uko tarehe ngapi. Sisifo angalau jiwe lake huliona lote likishuka. Mimi sioni hata kipande cha kamba.

Nikamsomea mama watoto, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Alikuwa anasugua sufuria ileile aliyoisugua jana.

"Aliyechora ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Na aliyesimulia?"

"Naye pia."

"Haya. Sasa baba Rehema, ukimaliza kumlilia huyo mzee, unga umekwisha."


Nikachukua kapu. Punda mwenyewe, kama yuko humu ndani, sijui ni nani, maana ugali wa jana nilirudia mara mbili.