Sayansi Jumuishi na meno ya kahawia ya Bonde la Ufa

Ukipita Nakuru au Naivasha utakutana na watu wazima wenye madoa ya kahawia kwenye meno, na wengi walikua wakiamini kwamba ndivyo watu wa kwao walivyoumbwa. Chanzo ni floraidi. Maji ya ardhini hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini hayo, na visima vingi vya Bonde la Ufa huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Jino huathirika likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki, na yaliyosalia sufuriani huwa nayo nyingi zaidi kwa kila lita. Kinachosaidia ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe au kukinga ya mvua.

Mwanafunzi wa gredi ya 7 anaweza kuyaelewa haya yote. Lakini katika sekondari za mfumo wa 8-4-4, yangefundishwa na nani? Miamba ilikuwa ya mwalimu wa Jiografia, chumvi zilizoyeyuka ni za Kemia, jino ni la Baiolojia. Kila mmoja angeweza kumaliza silabasi yake vizuri kabisa bila kutaja maji ya kisima kilicho nyuma ya shule. Mwaka 1979 Elliot Eisner, msomi wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mtaala una sehemu ya tatu, mbali na ile iliyoandikwa na ile inayofundishwa kimyakimya kwa desturi za shule. Sehemu hiyo ni yale yanayoachwa, nayo humjenga mtoto sawasawa na yale anayofundishwa, kwa kuwa asichokisikia hawezi kukiweka kwenye hesabu zake. Mzazi anayechemsha maji akidhani anaokoa meno ya mwanawe ni zao la mtaala huo.

Hoja ya wanaotaka masomo yaunganishwe inapata nguvu hapa, nami naikubali. Kenya ilipofungua sekondari msingi Januari 2023, fizikia, kemia na baiolojia ziliwekwa pamoja katika Sayansi Jumuishi. Baadaye masomo ya ngazi hiyo yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9, na Elimu ya Afya ikaingizwa humohumo. Kwenye karatasi, floraidi sasa ina nyumba.

Tatizo ni mwenye nyumba. Mwalimu wa sekondari amesomea masomo mawili, tuseme Hisabati na Fizikia, au Baiolojia na Kemia, na sasa anakabidhiwa sayansi yote, vipindi 5 vya dakika 40 kwa wiki. Mwalimu wa Fizikia atakaa sana kwenye umeme na sumaku, ambako ana uhakika. Akifika kwenye uzazi wa binadamu atawaambia wanafunzi wasome kurasa kadhaa nyumbani, na swali la hedhi litapita bila jibu. Wa Baiolojia atafanya kinyume chake. Si uvivu, mtu hukimbia mahali anapoogopa kuulizwa.

Masomo yalipokuwa mbalimbali, pengo lilionekana. Shule ikikosa mwalimu wa Fizikia, ratiba ilionyesha, ripoti ilikuwa na nafasi wazi, na wazazi walilalamika mkutanoni mpaka bodi ikaajiri mtu. Katika somo jumuishi ratiba imejaa, alama ipo, na nusu ya sayansi inaweza kukosekana mwaka mzima pasipo mtu kuuliza. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mzigo wa vitabu au gharama za miradi, mambo ambayo mjadala wetu umeyazungumza mpaka yamechosha.

Mzazi anayetaka kujua afungue daftari la mtoto mwishoni mwa muhula na kuhesabu kurasa za kila mada, akiangalia pia kama kuna majaribio yaliyoandikwa au ni maelezo yaliyonakiliwa tu. Shule yenye walimu wawili wa sayansi inaweza kuwagawia mada darasa lilelile badala ya kila mmoja kushika gredi yake, halafu waungane kwa jambo moja la mtaani kila muhula, kama vile kupeleka maji ya kisima yakapimwe floraidi. Shule yenye mwalimu mmoja haina njia hiyo, na kwake naona kuunganisha masomo kumefanywa kabla ya kumwandaa mtu wa kuyafundisha.

Mwanafunzi hupata hasara anapofika gredi ya 10, ambako Fizikia, Kemia na Baiolojia hutengana tena. Anatakiwa kuchagua kati ya masomo ambayo huenda moja hakuwahi kulionja, na atalikataa akiamini kwamba hana kipaji nalo.