Rufaa Yangu Imetupwa Sebuleni

Nani kaandika KIKAO CHA SENDOFU kwenye ratiba yangu? Tena kwa kalamu nyekundu, juu ya kisanduku cha Jumamosi saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kisanduku pekee katika wiki nzima kinachonitambua kama msomi!

Mimi nasoma sheria jioni. Ofisini natoka saa 10 na nusu, kipindi kinaanza saa 11 na nusu, na katikati kuna Ubungo. Sina la kuongeza.

Na ratiba hii sikuikurupukia. Wenzetu wa mchana wanasoma desa lilelile mara nne mpaka linakuwa njano tupu. Sisi muda huo hatuna, na hata tungekuwa nao, desa ukilirudia sana linakudanganya kwamba mnafahamiana. Kipimo ni kulifunga. Ukikumbuka jina la kesi lakini huwezi kusema nani alimfanyia nani nini na mahakama ikaamuaje, hujui kitu. Kwa hiyo usiku wa kipindi, kabla sijalala, naandika ukurasa mmoja bila kuchungulia. Siku mbili tatu baadaye, kwenye mwendokasi, nasikiliza kesi hizohizo nilizojirekodi kwenye simu, nasimamisha kabla ya uamuzi, najijibu kwa sauti. Abiria wa pembeni huwa wanahama kiti, lakini hayo ni yao.

Jumamosi ndiyo siku ya swali la mtihani wa zamani, kwa mkono, dakika 45, kisha nalisahihisha na kuliandika upya. Hoja ni ipi, kanuni inasemaje, inagusaje mkasa wa huyu aliyeletwa kwenye swali, hitimisho. Hapo kwenye mkasa ndipo supu za kurudia mtihani zinapopikwa. Mtu anamwaga kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba chote, hiari, sifa za wahusika, malipo halali, lengo halali, halafu Juma aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa hatajwi mpaka karatasi inakusanywa.

Basi nikajikohoza, nikasimama katikati ya sebule. "Mama Neema, mimi na wewe tulikubaliana. Nilitoa pendekezo kwamba Jumamosi asubuhi watoto waende kwa dada yako, ukalipokea kwa kutikisa kichwa, na mimi nikajifunga kuosha vyombo wiki nzima. Kuna malipo hapo. Huu ni mkataba."

Hakuacha hata kuchambua mchele. "Baba Neema, Balfour dhidi ya Balfour."

"Umesemaje?"

"1919. Mume anafanya kazi Ceylon, mke kabaki Uingereza anaumwa, mume kaahidi pauni 30 kila mwezi. Hakulipa, mke kashtaki, mahakama ya rufaa ikasema maneno ya mke na mume nyumbani mwao hawakuyakusudia yawafikishe mahakamani. Mbona ndiyo unayoiimba kila ukiosha vyombo?"

Nilihisi jasho. Nikajibu kwa utulivu wa wakili mwandamizi: "Ipo Merritt dhidi ya Merritt. Mke na mume vilevile, na mkataba ukasimama."

"Hao walikuwa wameshatengana, na waliandikiana karatasi. Tutengane?"

"Sijasema hivyo."

"Halafu ni ya 1970. Si ulisema sheria ya Waingereza tuliyoipokea ni ile ya kufikia tarehe 22 Julai 1920? Balfour yupo ndani. Huyo wako wa 1970 anatushawishi tu, na mimi sijashawishika."

Sasa niambieni ndugu zangu, huyu mwanamke ana cheti cha ushonaji! Ada nalipa mimi, supu nakunywa mimi, na anayefaulu ni mwenye ungo! Mnajua ada ya muhula huu? Mnajua nilikopa wapi?

Nikiwa bado nimeduwaa, kamati ikabisha hodi. Mjomba kaingia na viatu, kakalia madesa, katamka, "Afadhali mwanasheria upo, utakuwa katibu." Nikaandika ahadi za michango mpaka vidole vikafa ganzi. Na hapo nikaanza kuwaza: huyu anayeahidi laki mbili asipotoa, anashtakika? Kifungu cha 25 kinasema makubaliano yasiyo na malipo ni batili, ila kuna upenyo wa ndugu wa karibu aliyeahidi kwa mapenzi, kwa maandishi yaliyosajiliwa. Nikamuuliza Mjomba kama daftari letu la kamati litasajiliwa. Akasema nisilete uchuro.

Ya kwangu nimeahidi elfu hamsini, kwa mdomo. Na hivi kreti ya soda waliyokunywa, chupa nani anazirudisha dukani?