Taswira ya Mashua Majini: Kugeuza Nakala au Kuchora Upya?

Mashua inapopachikwa kwenye picha ya maji tulivu, wahariri wa picha hugawanyika. Wapo wanaoinakili mashua hiyo, wakaigeuza juu chini kwa amri ya Flip Vertical, wakaishusha hadi nakala na asili zikutane penye mstari wa maji, kisha wakaififisha kidogo. Wengine hushikilia kwamba taswira ya majini haina budi kuchorwa upya kwa brashi, hata kama kazi hiyo itakula jioni nzima.

Wa kwanza wana hoja nzito. Nakala huja na mwanga wa asili, mikwaruzo ya rangi na namba iliyoandikwa ubavuni, mambo ambayo mkono mara nyingi huyalainisha kupita kiasi. Mashua ikiwa mbali, nayo kamera ikiwa karibu na uso wa maji, tofauti kati ya nakala na taswira ya kweli huwa ndogo mno kuonekana. Kwa picha ya namna hiyo, sioni sababu ya kumlaumu aliyegeuza nakala.

Ugumu huanza kamera inapopanda. Maji tulivu huonyesha vitu jinsi ambavyo vingeonekana kwa jicho lililo chini ya uso wa maji, kwa kina kilekile ambacho kamera iko juu yake. Tuchukue picha iliyopigwa ufuoni Dunga, Kisumu, lenzi ikiwa mita 2 juu ya Ziwa Viktoria, nasi tunataka kuweka mashua mita 6 mbele yake, ubavu wake ukituelekea. Ukingo wa mashua umeinuka mita 0.6 juu ya maji, na mvuvi amesimama ndani, sentimita 70 nyuma ya ukingo huo, juu ya sakafu iliyo sentimita 10 hivi juu ya usawa wa maji. Kutoka juu, kamera inamwona mvuvi kuanzia kwenye muundi, na nyuma yake inaona sehemu ya ndani ya mashua pamoja na nyavu. Ukipiga mstari kutoka mita 2 chini ya maji kupitia ukingo uleule, utamfikia mvuvi kwenye urefu wa mita 0.9 hivi. Kwa hiyo, katika taswira, mvuvi anaanzia mapajani, nyavu za sakafuni hazipo kabisa, na kofia yake inaonyesha upande wa chini wa ukingo wake. Nakala iliyogeuzwa itaonyesha magoti na nyavu ambazo maji hayangeweza kuziona. Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, lakini ataihisi.

Jambo la pili ni nguvu ya taswira, nalo pande zote mbili hulisahau. Maji yakitazamwa wima kutoka juu hurudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga, na kiasi hicho huongezeka kadiri macho yanavyoangalia kwa mlalo. Katika mfano wetu, penye mstari wa maji taswira hurudisha takriban asilimia 15, ilhali kichwa cha mvuvi, ambacho taswira yake huangukia karibu zaidi na kamera, hupata takriban asilimia 6. Kuififisha nakala nzima kwa kiwango kimoja ni kosa. Tabaka la nakala hiyo linahitaji maski inayofifia polepole kuelekea kwenye kamera. Maji ya Ghuba ya Winam iliyo hapo Dunga, ambayo aghalabu huwa na tope, huongeza rangi yake pale mwanga wa taswira unapopungua, kwa hiyo sehemu nyeusi za mashua zisibaki nyeusi bali zivutwe kuelekea hudhurungi ya maji.

Kwa hiyo ningegawanya kazi. Ubavu wa mashua, ambao umesimama wima penye mstari wa maji, unaweza kugeuzwa na kutumika ulivyo, kwa kurekebisha urefu kidogo tu. Mvuvi, ndani ya mashua na kila kilicho nyuma ya ukingo vichorwe upya. Kila ncha ya mashua ishuke wima hadi kwenye ncha ya taswira yake. Ikipotoka kushoto au kulia wakati kamera haijainama upande wala kuelekezwa chini au juu, kuna kosa.

Barabara iliyolowa husamehe zaidi. Lami isiyo laini iliyolowa mvua huvuta taswira kwa wima na kuificha ile mipaka ambayo maji tulivu yangeifichua, hivyo tuktuk iliyopachikwa barabarani Kisumu inaweza kutumia nakala iliyogeuzwa pamoja na Motion Blur, yaani ukungu unaovutwa upande mmoja, ya nyuzi 90. Hata hivyo ukungu huo usiwe sawa kote: karibu na tairi uwe mdogo, kisha uongezeke kuelekea taswira ya paa. Penye dimbwi ndani ya shimo, taswira iwe kali kama ya ziwa, na mstari wa mwanga wa taa uendelee palepale ulipokuwa pande zote mbili za ukingo wa dimbwi, ukibadilika ukali tu, si mahali.